Walipiga kula: namna ya kuiagiza modeli inakili mwandiko bila kuusahihisha

Katibu wa chama cha ushirika ameandika kwenye kaunta buku la vikao: "wajumbe walipiga kula". Ukurasa unapigwa picha, picha inapewa modeli ya akili unde inayosoma picha na maandishi, na nakala inarudi ikisema "wajumbe walipiga kura". Nani atalalamika? Ndicho katibu alichokusudia. Lakini sicho alichoandika. Mtafiti anayefuatilia jinsi r na l zinavyobadilishana katika uandishi wa sehemu fulani amepoteza ushahidi wake. Anayelinganisha hati mbili ili ajue kama zimeandikwa na mtu mmoja ameletewa hati ambayo haijawahi kuwapo. Na yeyote atakayetumia nakala hiyo baadaye hataona dalili yoyote kwamba kuna kitu kimeguswa.

Watu wengi huipa modeli maelekezo ya mstari mmoja: soma picha hii, niandikie kilichomo. Walioumwa mara moja huongeza: usibadilishe chochote. Maneno hayo husaidia kidogo, kisha kwenye ukurasa wa pili mambo yanarudi yale yale. Msimamo wangu ni kwamba katazo peke yake halitoshi. Maelekezo mazuri huipa modeli mahali halali pa kuweka shaka yake, na hupanga jibu kwa namna ambayo kila kilichorukwa au kupambwa kitaonekana kwa jicho.

Ili kuona kwa nini, tuanze na jinsi modeli inavyoandika. Inatoa maneno kidogo kidogo, na kila mara huelekea kuchagua kinachotarajiwa zaidi kufuata, ikitegemea vitu viwili kwa pamoja: alama za wino ilizoziona na lugha iliyokwisha kuisoma. Wino ukiwa wazi na neno likiwa la kawaida, viwili hivyo vinakubaliana. Wino ukiwa na utata, lugha inashinda. Katika mwandiko wa haraka l na r hutofautiana kwa mkunjo mmoja mdogo, na baada ya "walipiga" lugha yote ya Kiswahili inavuta upande wa "kura". Kwa hiyo modeli hukosea zaidi pale hasa ambapo hati ina jambo lake la pekee: tahajia ya mwandishi mwenyewe, umbo la lahaja, jina la kitongoji, kiasi cha fedha.

Hilo la kwanza. La pili ni kwamba modeli hizi zimefunzwa kumridhisha mtumiaji kwa majibu nadhifu. Ikikuta "vitu zilizo ibiwa" inakuletea "vitu vilivyoibiwa", imeunga maneno na kurekebisha upatanisho kwa pigo moja. Barua ya Mombasa yenye "ndia" na "mato" inaweza kurudi na "njia" na "macho". Barua iliyoandikwa kabla ya mwaka 1930, yaani kabla ya Kamati ya Lugha kuanza kusanifisha tahajia kwa msingi wa Kiunguja, itakuwa na "khabari" yake, nayo itarudi "habari". Kila badiliko ni dogo na kila badiliko lina mantiki. Yakijumlishwa, barua ya Mombasa imehamishiwa Unguja na barua ya zamani imeandikwa juzi.

La tatu linahusu hati za vikao peke yake, na ni hatari kuliko yote. Hati hizi zina maneno ya mazoea: mahudhurio, kufungua kikao, yatokanayo na kikao kilichopita, mengineyo, kufunga kikao. Modeli imeyaona mara nyingi mno. Ukurasa ukikatika kabla ya mwisho, inaweza kuumalizia yenyewe kwa sentensi safi kama "Kikao kilifungwa saa 8 mchana", sentensi isiyo na hata tone la wino kwenye karatasi. Halafu kuna mtego wa Kiswahili cha Tanzania, ambako kumbukumbu zenyewe za kikao huitwa muhtasari. Ukiandika "nakili muhtasari wa kikao uliopo kwenye picha", umeiambia modeli mambo mawili yanayopingana, nayo mara nyingi hufuata lile jepesi na kukupa kweli muhtasari: aya nne fupi badala ya mistari 30. Tumia "kumbukumbu za kikao" au sema tu "maandishi". Epuka pia "andika upya", "andika vizuri" na "toa maudhui", kwa kuwa yote matatu ni mialiko ya kuhariri.

Kabla ya maelekezo yenyewe, tazama picha, kwa kuwa kadiri wino unavyoonekana vibaya ndivyo modeli inavyozidi kubuni. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi unakuwa na pikseli 2480 kwa 3508. Herufi ndogo yenye kimo cha milimita 2.5 inapata takriban pikseli 30. Lakini huduma nyingi hupunguza picha kubwa kabla ya modeli kuiona. Kikomo kikiwa pikseli 1568 kwa upande mrefu, herufi ile inabaki na pikseli 13 hivi, na mkunjo unaotenganisha l na r unakuwa kivuli. Ukiukata ukurasa nusu mbili, kila nusu ikiwa na upana wote wa 2480, herufi inapanda hadi pikseli 19. Kukata vipande vitatu au vinne hakuongezi kitu, kwa sababu sasa upana ndio upande mrefu, na upana huwezi kuukata bila kukata mistari. Nusu mbili zinatosha kwa A4. Ziache zipishane kwa mistari mitatu: mistari hiyo itanakiliwa mara mbili, na pale nakala mbili zitakapotofautiana pana jambo la kutazama kwa macho. Karatasi ikiwa nyembamba kiasi kwamba wino wa upande wa pili unaonekana, weka karatasi nyeusi nyuma yake kabla ya kupiga picha. Bila hivyo modeli inaweza kuokota maneno ya upande wa nyuma na kuyashona kwenye sentensi za mbele.

Sasa maelekezo. Haya yanafaa kwa nusu moja ya ukurasa katika ombi moja. Ukipeleka kurasa kumi kwa pamoja, utaona kurasa za mwisho zinapungua urefu bila sababu iliyo kwenye karatasi.

```
Kazi: nakili maandishi yaliyo kwenye picha, herufi kwa herufi.
Picha ni nusu ya juu ya ukurasa mmoja.

1. Mstari mmoja wa karatasi = mstari mmoja wako.
   Anza kila mstari na namba: 01| 02| 03|
2. Acha tahajia, nafasi kati ya maneno, vifupisho, alama
   na tarakimu kama zilivyo, sahihi au zimekosewa.
   Usijumlishe wala kuhakiki hesabu.
3. Neno usilo na hakika nalo: liandike uonavyo, kisha [?]
   Lisilosomeka: [xxxx], x moja kwa kila herufi.
4. Lililokatwa: [-neno-]  Lililoongezwa juu: [+neno+]
   La pembeni: [pembeni: neno]
5. Maandishi yakikatwa na ukingo wa picha, andika [ukingo]
   na usimalizie.
6. Jibu lote liwe ndani ya bloku moja ya msimbo, bila
   utangulizi wala maelezo.
7. Mstari wa mwisho kabisa: MISTARI=idadi
```

Namba ya mstari ndiyo kiungo chenye kazi kubwa kuliko vyote. Huwezi kufupisha mistari 30 na bado ukawa na mistari 30 yenye namba. Modeli ikilazimika kuanza upya kila mstari inarudi kwenye karatasi, wakati aya ndefu huichukua na mtiririko wake hadi inasahau ilikuwa inatazama nini. Nawe unapata kipimo cha haraka: hesabu mistari ya karatasi kwa kidole, kisha linganisha na namba ya mwisho. Ile MISTARI=idadi usiitegemee kama ushahidi, kwa sababu modeli inaweza kuhesabu ilichoandika badala ya kilichopo. Faida yake ni kwamba isipoonekana, unajua jibu lilikatika njiani.

Alama za shaka ndizo mahali halali pa kuweka shaka nilipopataja mwanzoni. Bila [?] modeli ina chaguo mbili tu, kuandika neno au kuliacha, na itaandika neno linaloelekea. Ukiipa njia ya tatu, sehemu ya makosa yake hujitokeza yenyewe. Angalia pia zinavyotumika. Nusu ukurasa wa mwandiko mgumu ukirudi bila [?] hata moja, huo si usomaji mzuri, modeli imepuuza kanuni ya tatu, na nakala hiyo isomwe neno kwa neno. Upande wa pili, [?] ikiwa kwenye kila neno la tatu, tatizo liko kwenye picha, na kurekebisha maelekezo hakutakusaidia.

Bloku ya msimbo inaonekana kama pambo, lakini ina sababu yake. Programu nyingi za mazungumzo huonyesha jibu kwa mpangilio wa Markdown, na Markdown huhesabu orodha yenyewe. Katibu akiandika ajenda 1, 2, 4, kwa kuwa ya tatu iliondolewa, skrini inaweza kukuonyesha 1, 2, 3. Modeli imenakili sawasawa na bado wewe umesoma kosa. Ndani ya bloku ya msimbo hakuna kinachopangwa upya.

Tuchukue kipande cha ukurasa wa aina hii, wa miaka ya 1960, wakati fedha zilikuwa zikiandikwa kwa mkwaju: 3/50 ni shilingi tatu na senti hamsini, 8/- ni shilingi nane kamili, na -/50 ni thumuni bila shilingi. Karatasi inasema hivi:

```
04| Wajumbe walipiga kula, na kula zilizo pita ni 14
05| M/kiti ali sema kila mwana chama ata lipa 3/50
06| Mapato      12/50
07|              8/-
08|              5/25
09| Jumla       25/75
```

Ombi la mstari mmoja linaweza kuleta: "Wajumbe walipiga kura, na kura zilizopita ni 14. Mwenyekiti alisema kila mwanachama atalipa 3.50." Hesabu utaletewa kwenye jedwali zuri. Hapo kura imechukua nafasi ya kula, maneno manne yameunganishwa, kifupisho kimefunguliwa, mkwaju umekuwa nukta na nukta ya mwisho wa sentensi imeongezwa. Lakini jambo linalonikera zaidi liko kwenye hesabu. Tuseme modeli imesoma 5/25 kama 4/75, kosa rahisi kwenye wino uliofifia. Sasa 12/50 na 8/- na 4/75 ni 25/25, wakati karatasi inasema 25/75. Modeli inayopenda unadhifu itaandika jumla ya 25/25 ili hesabu ikubali, na kwa kufanya hivyo imefuta kengele pekee ambayo ingekuambia kwamba mstari wa 08 umesomwa vibaya. Ndiyo maana kanuni ya pili inataja hesabu kwa jina. Jumla isiyolingana ni mali: mkaguzi ataitumia kukutafutia ama kosa la msomaji ama kosa la mweka hazina.

Wengi wangependa kuongeza mifano kwenye maelekezo, na mifano kweli husaidia, ila ina sumu yake. Ukiandika "kwa mfano, ukiona 'kula' usiandike 'kura'", modeli itaanza kuona kula kila mahali, hata pale katibu alipoandika kura kwa herufi wazi. Umeondoa upendeleo mmoja na kuweka mwingine. Toa mifano ya maneno yasiyokuwapo kwenye hati yako, na itoe pande zote mbili: "karatasi ikisema 'ijapo kuwa' andika 'ijapo kuwa', ikisema 'ijapokuwa' andika 'ijapokuwa'". Mistari miwili mitatu ya hivyo inatosha.

Orodha ya majina ina hatari ya namna hiyo hiyo. Ukiipa modeli majina ya wanachama wote, usomaji wa majina utaboreka mara moja, na hapo hapo kila jina lisiloeleweka litavutwa kwenye jina la karibu lililo kwenye orodha. Mgeni aliyehudhuria siku moja atageuka mwanachama. Mimi naiweka orodha kwenye hatua ya pili: kwanza nakala bila orodha, kisha ombi jipya linalopendekeza jina kwa kila neno lenye [?], kwenye safu ya pembeni, bila kugusa nakala. Historia ya hati nayo iwe fupi. "Mwandiko wa mkono, Kiswahili, miaka ya 1960" inatosha. Ukieleza kikao kilihusu mgogoro gani, mgogoro huo utajipenyeza kwenye maneno yasiyosomeka.

Kuna wanaodhani kuteremsha kiwango cha ubahatishaji, kile kinachoandikwa `temperature`, hadi 0 kunaifanya modeli iwe mwaminifu. Kunaifanya isiyumbe sana, basi. Kama inapendelea "kura", itaandika "kura" karibu kila mara. Kwa sababu hiyo hiyo, kuendesha ombi mara mbili na kulinganisha majibu kunakuonyesha sehemu za mashaka, lakini majibu mawili kukubaliana si ushahidi kwamba yako sawa. Kulinganisha modeli mbili za watengenezaji tofauti ni bora kidogo, ingawa zote zimesoma Kiswahili sanifu kwa wingi na zitavutwa upande mmoja.

Utajuaje basi kama maelekezo yako yanafanya kazi? Kipimo cha kawaida ni kiwango cha makosa ya herufi: herufi zilizobadilishwa, zilizodondoka na zilizoongezwa, zikigawanywa kwa idadi ya herufi za nakala sahihi.

```
CER = (S + D + I) / N
```

Kipimo hiki kinafaa, lakini kwa kazi hii kinadanganya. Chukua nusu ukurasa wenye herufi 1200 na tahajia 12 zisizo sanifu. Modeli ikisahihisha tisa kati ya hizo, kila moja kwa herufi moja, na isikosee kwingine popote, CER ni 9 kwa 1200, yaani asilimia 0.75. Kwenye ripoti hiyo ni kazi ya kupigiwa makofi. Kumbe robo tatu ya tahajia za mwandishi zimefutwa. Kwa hiyo hesabu vitu viwili kando kando: CER ya ukurasa mzima, na idadi ya maumbo yasiyo sanifu yaliyonusurika. Andaa kurasa tano za majaribio, zinakiliwe na watu wawili kila mmoja peke yake, wasuluhishe tofauti zao, halafu waorodheshe kila umbo lisilo sanifu, kila kifupisho na kila tarakimu. Ukibadilisha sentensi moja ya maelekezo, pima tena kwa kurasa hizo hizo. Orodhesha pia makosa ya upande wa pili: modeli iliyoonywa sana huanza kubuni tahajia mbovu mahali ambapo mwandishi aliandika sawasawa, nayo CER haitakuambia tofauti kati ya kosa hilo na lile.

Katika kuhakiki nakala za kawaida, soma kutoka mstari wa mwisho kwenda wa kwanza. Ukisoma kwa kushuka, maana inakubeba na jicho lako nalo linasahihisha kama modeli. Anza na tarakimu, kisha majina, kisha maneno yenye [?], na malizia na mistari ile mitatu iliyopishana.

Kama hati imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyo nyingi za hati za zamani za pwani, kazi ni mbili na zisichanganywe. Kwanza nakala kwa herufi hizo hizo za Kiarabu, mstari kwa mstari. Kisha, kwa ombi lingine, herufi za Kilatini. Ukiomba Kilatini moja kwa moja, modeli lazima ichague irabu ambazo huenda mwandishi hakuziandika na iamue herufi moja ni b, p au mb. Kila uamuzi huo ni tafsiri ya msomaji, na kwenye jibu la hatua moja hutaona ulifanyika wapi.

Nakala iliyosahihishwa nayo ina haki yake. Wazee wa chama wanataka kumbukumbu zinazosomeka, na mwalimu anahitaji matini ya darasani. Itengenezwe kutokana na nakala iliyokwisha kuhakikiwa, katika ombi jipya lisilo na picha, na ihifadhiwe kwenye faili lake. Ukiomba nakala ghafi na nakala safi katika jibu moja, usafi wa ya pili huvuja kwenye ya kwanza. Wanaohifadhi hati kwa TEI, mfumo wa kuweka alama kwenye matini za kidijitali, wana alama za kazi hii tayari: `<sic>` kwa kilichoandikwa, `<corr>` kwa kinachopendekezwa, `<unclear>` kwa kisicho wazi, `<gap>` kwa kisichosomeka. Kati ya alama za mabano nilizopendekeza juu, `[?]` na `[xxxx]` zinabadilishwa kuwa hizo mbili za mwisho kwa programu fupi, lakini si `sic` wala `<corr>`, ambazo mtu mwenyewe ndiye anayepaswa kuzijaza.